Robo ya Nne ya Nani?

Nianze kwa kusema ukweli: wiki ya kwanza nilipofika ofisini kwetu, hapa Singida mjini, Bi Mwantum nilimchukia. Nilikuwa nimeandika tangazo la mistari minne tu la kikao cha Jumatano. Akalichukua kutoka kwenye printa kabla yangu, akavaa miwani yake yenye kamba, akachomoa kalamu nyekundu kutoka kwenye ushungi wake (ndiyo, anaichomeka humo, juu ya sikio, kama fundi seremala) na kuandika pembeni: "Jumatano ipi?" Akanirudishia. Nikamwambia, mama, kila mtu anajua ni Jumatano ipi. Akasema, "Wewe unajua. Mwenye kusoma wiki ijayo hajui." Nikatoka pale nikiwa nimevimba.

Mimi naitwa Witness. Nina hasira za karibu, sifichi. Ni afisa mradi wa shirika letu dogo linaloshughulika na maji vijijini, na yote nitakayosimulia hapa yananihusu mimi na uzembe wangu. Lakini mtu ninayetaka mumjue ni yeye.

Bi Mwantum amezaliwa hapa hapa mjini. Baba yake alikuja kutoka Tabora kuuza vitambaa, akaoa Mnyaturu, akabaki. Alijifunza kupiga chapa akiwa na miaka kumi na saba, kwenye mashine ile ya zamani ambayo ukikosea herufi moja unachana karatasi na kuanza upya. Akafanya kazi masjala, kwenye ofisi moja ya serikali, miaka thelathini na moja. Akastaafu, akakaa nyumbani miezi minne, akagombana na kila mtu, mpaka binti zake wenyewe wakamtafutia kazi kwetu: kupokea wageni na kutunza mafaili. Wanasema kadi za harusi ya mmoja wao alizirudisha kwa mchapaji mara mbili, kwa sababu tarehe na jina la siku havikuoana. Bibi harusi alilia. Bi Mwantum akamwambia, "Lia sasa, siyo siku ambayo wageni wanakuja na wewe hujavaa."

Basi. Mwezi wa tisa mwaka 2024, Jumanne ya siku moja baada ya sikukuu ya Maulidi, niliingia ofisini nikiwa nawaka. Nilikuwa na mshirika mmoja amenishinda. Washirika wetu ni vyama vidogo vya huko wilayani vinavyosimamia mradi kwa niaba yetu, na kila baada ya miezi mitatu kila chama kinatuletea ripoti ya kazi. Saba walikuwa wameleta. Wa nane, chama kinachoitwa Tuinuane, chenye ofisi yake Kiomboi, kimya. Ripoti yao ya miezi ya Aprili hadi Juni ilitakiwa kufika tarehe kumi na tano Julai. Huu ulikuwa Septemba!

Na siyo kwamba sikuwakumbusha. Niliwaandikia barua pepe mbili, moja Agosti na moja mwanzoni mwa Septemba. Ya pili mratibu wao, Bwana Mathayo, aliijibu. Mnajua alijibu nini? "Asante kwa ukumbusho. Tutaileta kwa wakati." Kwa wakati! Ripoti imechelewa miezi miwili, mtu anakuambia ataileta kwa wakati! Jibu hilo nililisomea ofisi nzima. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye faili, haipatikani. Na hapo, nikiri, kiburi kikaniingia. Sikutafuta namba nyingine.

Kilichokuwa kinaniumiza ni hiki. Ijumaa ile, tarehe ishirini, mkurugenzi wetu alikuwa anapeleka kwa mfadhili taarifa ya pamoja, na ndani yake orodha ya washirika watakaoendelea na awamu ya pili. Asiye na ripoti kamili haingii kwenye orodha. Na awamu ya pili ya Tuinuane ilikuwa ni kisima kirefu kwenye kijiji kimoja ng'ambo ya Misigiri. Kijiji hicho ndiko alikoolewa shangazi yangu Klara. Ana miaka sitini na minne, na bado anaamka na ndoo kwenda kuchimba mchanga wa korongoni, anasubiri maji yajikusanye, anachota kwa kikombe. Mimi nimechota naye kwa kikombe hicho nikiwa mdogo. Nayajua maji yale yanavyochungulia pole pole kama yanakuonea haya.

Sasa mtaniuliza, kama ni kijiji cha shangazi yako, kwa nini usiwabembeleze? Ndiyo hapo. Kila mtu ofisini alijua mimi ni Mnyiramba wa huko. Nilikuwa mgeni kazini, mwezi wangu wa pili tu. Niliogopa watu waseme Witness anawabeba ndugu zake. Kwa hiyo nikaamua nitakuwa mkali kwa Tuinuane kuliko kwa wote. Na nikaandika hivi:

"YAH: ONYO LA MWISHO. Ndugu Washirika, mnajulishwa kwamba hadi leo hamjatuma ripoti ya robo ya nne licha ya kukumbushwa mara mbili. Huu ni uzembe usiovumilika. Msipotuma mara moja, ofisi itachukua hatua kali bila taarifa nyingine. Angalia kiambatisho."

Kwenye sehemu ya nakala nikaweka mkurugenzi, mfadhili, na washirika wale wengine saba, ili waone haya. Nikahisi raha, jamani. Vidole vilikuwa vya moto. Nikawa napeleka kidole kwenye kitufe cha kutuma.

"Umechapa?"

Bi Mwantum alikuwa amesimama nyuma yangu na kontena la pilau la Maulidi mkononi. Alikuwa ananigawia.

"Shikamoo, Bi Mwantum. Hii ni barua pepe, haichapwi."

"Marahaba. Kila kitu kinachapwa. Nichapie, nile nikisoma."

Nilitaka kukataa. Lakini pilau lilikuwa linanukia, na mtu mzima amekuletea chakula, utamwambia nini? Nikachapa. Akavuta kiti, akavaa miwani, akachomoa kalamu yake. Ana tabia moja, na ndiyo inayowachosha watu: hasomi barua kama aliyeiandika. Anaisoma kama aliyeandikiwa, kwa sauti.

"Haya. Mimi ni Mathayo," akaanza. "Niko Kiomboi. Nimefungua simu. Naona onyo la mwisho. Astaghfirullah, la kwanza liko wapi?"

"Bi Mwantum..."

"Nyamaza, mimi ni Mathayo. 'Hamjatuma.' Wewe Witness umejuaje kwamba sijatuma? Ulikuwa kwangu?"

"Kama angetuma, si tungeipata?"

"Hilo ulijualo ni kwamba hujapokea. Andika unachokijua." Akakata neno kwa wekundu. Akaendelea. "Robo ya nne." Akasimama hapo. Akarudia, pole pole. "Robo ya nne. Robo ya nne ya nani?"

"Ya mwaka, mama. Aprili hadi Juni."

"Mwaka wa nani?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na hapo hapo nikakumbuka. Kabla ya shirika hili nilifanya kazi serikalini miaka mitano, na serikalini mwaka unaanza Julai. Julai hadi Septemba ni robo ya kwanza, na Aprili hadi Juni ndiyo ya nne, ya kufungia mwaka. Nimeandika hivyo kwenye maisha yangu mara mia. Lakini mradi wetu, kwa mkataba, unahesabu kuanzia Januari. Kwa Tuinuane, Aprili hadi Juni ni robo ya pili. Robo ya nne kwao ni Oktoba, Novemba na Desemba. Na huu ulikuwa mwezi wa tisa.

"Mungu wangu," nikasema. "Nimewadai ripoti ya Desemba."

"Mara mbili," akasema Bi Mwantum, akatia kijiko cha pilau mdomoni. "Na yeye maskini akakujibu vizuri kwamba ataileta kwa wakati. Alidhani mnapenda sana kuwahi."

Nilitamani kujificha chini ya meza. Na yeye ndiyo kwanza amepata moto! Hasira? Hana. Ana ile furaha ya mtu aliyeshika mwizi wa kuku. Naye alikuwa serikalini, ndiyo maana aliuona mtego ule: alishaona watu wengi wakitoka huko wakija na miaka yao mfukoni. Akaendelea kunichambua. "Mara moja" ni lini? Leo? Keshokutwa? Hatua kali ni zipi, utawachapa? Na hawa wengine saba kwenye nakala wanahusika nini, hii ni barua au ni ngoma? "Angalia kiambatisho." Kiko wapi?

Nikatazama. Sikuwa nimeambatisha kitu.

"Bi Mwantum," nikamuuliza nikiwa nimenywea, "wewe hukosei?"

Akavua miwani. Akaniambia kwamba mwaka wake wa pili kazini alipiga chapa barua ya kumpangia mwalimu mmoja kituo. Alikuwa anakwenda Mtinko. Yeye, kwa kuwaza mambo yake ya uchumba, akanakili jina la kijiji cha mstari wa juu yake kwenye orodha. Mwalimu akasafiri siku mbili na kitanda chake na kuku wanne, akafika mahali wasipomjua, akarudi. "Aliingia masjala, akacheka," akasema. "Angenitukana ningesahau. Alicheka, akaniomba barua nyingine. Kuku mmoja alikuwa amekufa njiani." Akavaa miwani. "Haya, andika."

Tukaandika pamoja, yeye akisema na mimi nikigonga, na tukibishana kila mstari. Nilitaka kuruka sehemu ya kuomba radhi. Akakataa katakata. Mwisho ikawa hivi, na mkurugenzi peke yake kwenye nakala:

"Kichwa: Ukumbusho wa ripoti ya Aprili–Juni 2024.

Ndugu Mathayo, habari za kazi.

Hatujapokea ripoti yenu ya miezi ya Aprili, Mei na Juni 2024, iliyotakiwa kufika tarehe 15 Julai. Barua pepe zangu mbili za awali ziliiita ripoti ya robo ya nne. Hilo ni kosa langu, naomba radhi.

Tunaomba itufikie kabla ya saa kumi jioni, Alhamisi tarehe 19 Septemba. Ijumaa tunapeleka kwa mfadhili taarifa ya pamoja na orodha ya washirika wa awamu ya pili, na bila ripoti hii Tuinuane haiwezi kuingia.

Kama mmeshaituma, tafadhali tuambieni lini na kwa njia gani. Kama kuna kilichokwama, nipigieni. Fomu ya ripoti nimeiambatisha.

Witness, Afisa Mradi."

Chini akaniamuru niweke namba yangu ya simu. Zile za mwanzo hazikuwa nayo. Nikatuma saa tano kasoro, nikala pilau.

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita, kimya. Niliikagua simu mpaka ikaomba chaji saa sita mchana. Jioni mkurugenzi akapita mlangoni kwangu akasema, "Witness, Tuinuane vipi? Kesho saa kumi nafunga orodha." Nikasema tunasubiri. Usiku sikula.

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, simu ikaita. Namba siijui.

"Dada Witness? Mimi Mathayo wa Tuinuane. Nilikuwa kijijini kwenye mafunzo, huko mtandao hakuna, nimeona ujumbe wako sasa hivi nikiwa kwenye pikipiki. Mbona ripoti hiyo tulishaileta?"

Nikasimama. "Mmeileta lini?"

"Tarehe kumi na mbili Julai, dada. Ijumaa. Kabla ya siku yenyewe!"

"Kwa barua pepe?"

"Barua pepe itagongwaje mhuri? Mkataba unasema ripoti iliyosainiwa na kugongwa mhuri, pamoja na orodha halisi za mahudhurio. Tukaweka kwenye bahasha ya kaki, tukatuma kwa basi. Risiti ninayo hapa kwenye waleti."

Kwa basi! Bila shaka kwa basi. Huku kwetu kila kitu cha maana kinasafiri kwa basi: mafuta ya alizeti, dawa, kuku, hati za viwanja, sare za kwaya. Unaandika jina na namba ya simu juu yake, unalipia, na ofisi ya basi mjini inampigia mwenyewe aje achukue. Shangazi yangu amenitumia asali kwa njia hiyo miaka yote. Na mimi, mtoto wa huko huko, sikuwahi hata kuwaza.

"Mna nakala?" nikauliza.

"Siku ile umeme ulikatika Kiomboi, sehemu za kutoa kopi zote zimefungwa, na basi linaondoka. Tukasema ipo kwenye kompyuta. Sasa kompyuta, mwezi wa nane, radi ikaipitia."

Nikamuuliza bahasha iliandikwa kwa nani.

"Kwa Bwana Joshua, afisa mradi. Na namba yake ya kazi."

Joshua ndiye aliyekuwa kwenye kiti changu. Aliacha kazi mwisho wa Juni, mimi nikaingia Agosti, na Julai nzima kiti kilikuwa kitupu. Alikabidhi kila kitu cha ofisi, pamoja na laini ya simu ya kazi. Nami nilikabidhiwa. Nikavuta droo yangu ya chini. Laini ilikuwa humo, ndani ya kibahasha, nilivyoitia siku ya kwanza nikisema nitaiweka kwenye simu kesho. Watu wa basi walikuwa wamepiga namba hiyo, na kupiga, na kupiga. Uzembe usiovumilika ulikuwa kwenye droo yangu.

"Bi Mwantumuuu!" nikapiga ukelele mpaka mlinzi akaja.

Tulipanda bajaji wote wawili, yeye na kalamu yake kichwani, mimi na picha ya risiti aliyonitumia Mathayo. Njiani alimwambia dereva aongeze mwendo, kisha akamwambia apunguze, kisha akamwambia hajui kazi. Tulifika stendi saa tatu na nusu. Kwenye dirisha la vifurushi alikuwepo kijana mmoja mnene, Abdulazizi, anakunywa chai.

"Shikamoo, bibi," akamwambia Bi Mwantum.

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Zabibu wa mtaa wa sokoni?"

"Ndiyo mimi, bibi."

"Basi weka chai chini."

Akatazama risiti, akafungua daftari lake kubwa, akashuka na kidole mpaka Julai. Ilikuwepo! Tarehe kumi na mbili, bahasha moja, kutoka Kiomboi, Bwana Joshua. Pembeni pameandikwa: "Amepigiwa x5, Julai–Agosti. Hapatikani." Nikasema, haya kaka, tupe basi.

Abdulazizi akajikuna. "Mizigo isiyochukuliwa mwezi mzima inatoka hapa inakwenda stoo. Na stoo, mzigo ukifikisha siku tisini tangu ufike, tunausafisha."

"Mnasafishaje?"

"Tunachoma."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikachanganyikiwa, nikaanza tena. Bi Mwantum akanishika mkono. "Siku sitini na tisa," akasema. "Zimebaki ishirini na moja. Wewe kijana, ufunguo."

Jamani, stoo ile! Chumba cha mabati hakina dirisha. Magunia ya vitunguu vilivyoanza kuchipua, madumu ya mafuta, godoro, kigoda, tairi, begi la shule la nani sijui, mabahasha yamefungwa kwa raba kama matofali. Bi Mwantum akafunga khanga kiunoni. Mimi nikavua viatu vya ofisi. Tukaanza. Ukutani kwenyewe kulikuwa na joto, na vumbi la pilipili lilitufanya tupige chafya kwa zamu. Saa nne. Saa tano. Abdulazizi alikuja akasema labda ilichanganyika na za Manyoni, na Bi Mwantum akamwangalia tu, kijana akaondoka. Saa sita mkurugenzi akapiga simu. Sikupokea. Niliona kikombe cha shangazi Klara, na nikajisikia nataka kulia, na nikalia kidogo huku napekua.

"Lia huku unatafuta," akasema Bi Mwantum nyuma ya magunia. "Macho yanaona tu."

Saa saba na dakika kumi nilisogeza dumu la mafuta ya alizeti lililokuwa linavuja. Chini yake kulikuwa na karatasi ya kaki. Nikavuta. Kona moja imelowa mafuta mpaka inaangaza. Juu yake, kwa kalamu ya wino mzito: BW. JOSHUA, AFISA MRADI. NYARAKA. USIKUNJE.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Najua abiria walikuja mlangoni kutazama. Najua nilimkumbatia Bi Mwantum na miwani yake ikanigonga jino. Tulipasua bahasha pale pale juu ya gunia, naye akageuza kurasa moja moja: saini ya mwenyekiti ipo, mhuri upo, tarehe ipo, orodha za mahudhurio zote tatu zipo. Mafuta yalikuwa yamekula pembe tu, pasipo na maandishi. Kwenye orodha ya mafunzo ya kamati ya maji, mstari wa kumi na moja, nikaona jina la shangazi yangu, na badala ya saini dole gumba la buluu. Nikalibusu mbele ya watu.

"Usilichafue," akasema Bi Mwantum. "Ni kielelezo."

Saa nane kasoro tulikuwa ofisini. Nikaskani kurasa thelathini na mbili, nikajaza takwimu zao kwenye taarifa ya pamoja, nikampigia Mathayo mara tatu kuhakiki namba, na yeye akiwa juu ya pikipiki ananijibu kwa kupiga kelele za furaha. Saa tisa na dakika arobaini niliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na nanukia vitunguu. Nikaweka bahasha mezani. Na kabla hajaniuliza nikamweleza yote: robo ya nne, na laini kwenye droo. Yote. Nikachomoa na lile onyo langu la mwisho, lenye wekundu wa Bi Mwantum, nikaliweka pembeni.

Alilisoma. Akaangalia majina niliyokuwa nimeyaweka kwenye nakala, akafika kwenye jina la mfadhili, akashusha pumzi.

"Hii ingeondoka," akasema, "mfadhili angewafuta Tuinuane Jumanne ile ile. Na mimi nisingekuwa na la kuwatetea."

Akachukua kalamu, akaandika Tuinuane kwenye orodha. Wa nane.

Tangu siku hiyo laini ya Joshua iko kwenye simu ya ofisi na inachajiwa. Na kila barua pepe ninayoiandika naichapa kwanza, nampelekea Bi Mwantum, naye anakuwa Mathayo, anakuwa mfadhili, anakuwa diwani. Bado ananikera. Juzi aliniuliza "Wapendwa" ni akina nani na nimeanza kuwapenda lini.

Lakini nimalize kwa Februari ya mwaka uliofuata. Tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, simu yangu iliita, na nilipoipokea sikusikia mtu. Nilisikia kishindo, na vigelegele, na kitu kama mvua juu ya bati. Kisha shangazi Klara, anapiga kelele kwa Kinyiramba, kwamba yametoka, yameruka juu kuliko nyumba, amelowa mpaka kilemba! Nikaweka sauti ya nje, nikakimbia koridoni, nikaingia chumba chake cha mafaili.

"Bi Mwantum! Maji yametoka!"

Akainuka nusu, akakaa. Akavuta faili la Tuinuane, akachomoa kalamu. "Wapi? Saa ngapi? Tarehe ngapi?" akauliza kwa ukali wake wote, na huku simu mezani inavuma maji na wanawake. Akaandika. Akaandika kwa muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji. Halafu akavua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, akalisukuma faili kwangu bila kuniangalia.

Nikasoma. Alikuwa ameandika: "Maji yametoka kisimani, saa 4 asubuhi, tarehe 18 Februari 2024."

Mwaka ulikuwa 2025. Nikamtazama, yeye anatazama dirishani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata ile nne ya mwaka, nikaandika tano juu yake, nikaweka saini yangu pembeni kama alivyonifundisha.